Picha ya pochi inathibitisha nini?

Anayetaka pochi nzuri Lushoto ana njia mbili. Anaweza kusubiri siku ya gulio, ashuke Soni au apande Lukozi, apekue mitumba iliyomwagwa kwenye turubai. Au anaweza kufungua simu. Muuzaji wa Kariakoo au wa Tanga mjini anaweka picha kwenye stetasi ya WhatsApp, mteja analipa kwa simu, mzigo unapakiwa kwenye basi na kupandishwa kona za Mombo mpaka stendi ya Lushoto. Kwa njia hii ya pili, pesa inatoka kabla mkono haujaigusa pochi. Picha ndiyo dirisha pekee.

Kwa sababu hiyo, ushauri wa kutambua feki kwenye picha umekuwa mwingi, na mwingi wake unagongana. Mmoja anasema ukiona imeandikwa ‘Made in China’ achana nayo. Mwingine anasema ukiona alama ya kampuni imepinduka miguu juu, hiyo ni feki ya wazi. Wa tatu anasema ukiona namba imegongwa ndani, tulia, hiyo ni orijino. Kauli zote tatu ni za makosa, na kila moja inaweza kumfanya mtu atupe pochi halali au anunue ya bandia kwa bei ya halali. Uchambuzi huu unapima misimamo mitatu iliyo nyuma ya ushauri huo: wanaosema picha inatosha, wanaosema lazima uishike, na wanaosema usitazame pochi kabisa bali utazame bei na njia iliyopitia.

Kwa nini ishara zinapotosha

Chanzo cha mkanganyiko ni kwamba ishara ya kweli ya pochi moja inachukuliwa kuwa sheria ya pochi zote. Coach, kampuni iliyoanzia New York mwaka 1941, imehamishia sehemu kubwa ya ushonaji wake Asia, zikiwemo China na Vietnam. Michael Kors vilevile. Pochi halali za kampuni hizo zina lebo ya China bila tatizo lolote. Lebo hiyohiyo ikiwa ndani ya pochi ya Louis Vuitton ni kosa kubwa, kwa kuwa kampuni hiyo hushonea pochi zake Ufaransa, Hispania, Italia na Marekani. Aliyetoa ushauri wa kwanza huenda alikuwa akizungumzia Louis Vuitton. Ushauri ulipofika kwa mwenye Coach, ulikuwa umeacha jina la kampuni njiani.

Suala la alama iliyopinduka ndilo linalofundisha zaidi. Pochi ya Louis Vuitton iitwayo Speedy, ile yenye umbo la mto wa kulalia na mipini miwili mifupi, hukatwa kwenye kipande kimoja cha turubai kinachoanzia mbele, kikapita chini ya kitako na kupanda nyuma. Herufi zikisimama wima upande wa mbele, hazina budi kusimama miguu juu upande wa nyuma. Hakuna mshono kwenye kitako wa kuzigeuza. Mtu anayeikataa Speedy yenye michoro ya kahawia kwa sababu hiyo anaikataa kwa ishara ya uhalali wake. Na Speedy ya michoro hiyo ikiwa na herufi wima pande zote mbili, basi mahali fulani imeungwa, au turubai lenyewe lilichapwa kwa mpangilio usio wa kampuni.

Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya picha si ‘ni feki au si feki?’. Ni ‘hii inadai kuwa modeli gani?’ Bila jibu la swali hilo, hakuna mshono wala chuma kinachoweza kusomwa.

Msimamo wa kwanza: picha inatosha

Wanaoamini picha wana hoja nzito, na hoja hiyo inaanzia kwenye gharama. Mtengenezaji wa bandia hupata faida kwa kubana matumizi, na hubana pale ambapo macho ya mnunuzi hayatui kwanza. Uso wa mbele huufanya vizuri kadiri anavyoweza. Mahali anapobana ni kwenye ncha za mishono, mgongo wa vyuma, na bitana. Picha nzuri ya sehemu hizo tatu inaeleza mengi kuliko picha kumi za uso wa mbele.

Tuanze na mshono. Kila tundu la sindano linakula muda wa mashine na uzi. Kiwanda kinachoharakisha hurefusha hatua ya mshono, ili sentimita ileile ya ngozi ipate matundu machache zaidi. Ukikuza picha utaona uzi umelala mrefu juu ya ngozi badala ya kuzama. Pia fundi anayeharakisha hafiki kwenye kona kwa hesabu: anafika na nusu hatua imebaki, kwa hiyo anapachika mshono mfupi mmoja au anatoboa tundu juu ya tundu. Mahali pa kuangalia ni kwenye vile vipande vya ngozi vinavyoshika mipini. Viko vinne, na vinapaswa kuwa ndugu wa tumbo moja: idadi ileile ya mishono juu, kona zilezile, umbali uleule kutoka ukingoni. Kuhesabu vinne na kuvilinganisha ni kipimo bora kuliko kutafuta mshono ‘mzuri’, kwa sababu pochi halali iliyoongozwa na mkono wa fundi huweza kuwa na mshono ulioyumba kidogo. Mkono kuyumba ni jambo la kawaida. Kipande kimoja kuwa na mishono minne na jirani yake sita si la kawaida.

Ukataji wa kitambaa chenye michoro unafuata mantiki hiyohiyo. Ili michoro ikutane sawasawa katikati na iishie kwa namna moja kulia na kushoto, mkataji lazima aache mabaki mengi. Mabaki ni hasara. Kiwanda cha bandia huweka mikato karibukaribu ili kuokoa nyenzo, na matokeo yake herufi nzima iko upande wa kushoto na nusu herufi upande wa kulia. Kwa pochi za Coach zenye herufi C zilizopangwa safu kwa safu, uso wa mbele ndio wa kukagua, hasa pale mfuko wa nje unaposhonwa juu ya mwili wa pochi: safu za mfukoni zinatakiwa kuendelea na safu za nyuma yake. Ubavuni na chini kampuni yenyewe hailazimishi mlingano huo kila mara, hivyo usihukumu kwa picha ya ubavu.

Vyuma vinasomeka kwa namna nyingine. Pochi za gharama kubwa hutumia sana shaba ya manjano iliyochovywa rangi ya dhahabu. Bandia nyingi hutumia aloi ya zinki iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Maandishi yaliyochongwa kwenye shaba yana kingo kali na kina kinacholingana, ilhali yaliyotoka kwenye kalibu ya bei nafuu yana kingo za mviringo, na ndani ya herufi kama O na A mara nyingi pamejaa. Kwenye picha iliyopigwa kwa mwanga wa ubavuni, kivuli ndani ya herufi ndicho kinachoonyesha kina. Mwanga wa simu ukipigwa moja kwa moja unafuta kivuli hicho chote, na chuma chochote kinaonekana safi. Tazama pia mgongo wa bizimu na wa ndoana ya mkanda, kwani mstari mwembamba wa kalibu hubaki huko bila kusuguliwa.

Zipu huwapa watu imani isiyostahili. Jina la YKK kwenye kishikio si uthibitisho wa chochote: YKK ni kampuni kubwa ya zipu inayouzia maelfu ya viwanda, na jina lake nalo huigwa. Zipu inasaidia pale tu unapojua modeli husika ilitumia zipu gani.

Bitana ndiyo sehemu ninayoiona kuwa shahidi mwaminifu zaidi, kwa sababu mbili. Kwanza, wauzaji huipiga picha kwa nadra, kwa hiyo muuzaji asiye na cha kuficha ataipiga bila kusita. Pili, kampuni zina kanuni kali za bitana kwa kila modeli. Speedy ya kawaida yenye michoro ya kahawia ina bitana ya kitambaa cha pamba cha kahawia. Speedy ya miraba ya kahawia ina bitana nyekundu. Mwiga asiye na Speedy halisi mkononi huweka bitana aliyonayo ghalani, mara nyingi ya rangi ya maziwa na yenye manyoyamanyoya kama ngozi ya swala. Kwenye picha ya pochi iliyofunguliwa mbele ya dirisha, kosa hilo linaonekana hata kwa simu ya bei ndogo.

Hata hivyo msimamo huu una udhaifu ambao watetezi wake huupita haraka. WhatsApp hupunguza ubora wa picha inapotumwa kwa njia ya kawaida, na kinachopotea kwanza ni mistari midogo, yaani mishono na maandishi yenyewe. Picha ikitumwa kama ‘Document’ hubaki na ubora wake, lakini wachache huomba hivyo. Vichujio vya urembo kwenye kamera hulainisha ngozi ya pochi kama vinavyolainisha ngozi ya uso. Zaidi ya yote, picha inaweza kuwa ya kweli na pochi ikawa nyingine: muuzaji ameichukua kwenye mtandao wa duka la ughaibuni, nawe umekagua kwa makini pochi iliyoko Paris au Osaka.

Msimamo wa pili: lazima uishike

Kambi hii inasema jicho hudanganywa, mkono hapana. Uzito wa vyuma, mlio wa zipu, harufu ya ngozi, na namna ngozi inavyokunjamana ukiiminya ni mambo ambayo hakuna kamera inayoyabeba. Hoja ni ya kweli, na kwa bandia za daraja la juu, zile zinazoshonwa kwa ngozi halisi na kuigwa mshono kwa mshono, ukaguzi wa mkono na wa mtaalamu ndio pekee wenye nafasi ya kuzinasa.

Tatizo ni kwamba mkono wa mnunuzi wa kawaida haujafunzwa. Aloi ya zinki ni nzito vya kutosha kumridhisha anayepima kwa kiganja. Harufu ya ngozi inaweza kutoka kwenye gundi na dawa. Na kuna mtego mkubwa zaidi: mwili wa pochi ya Louis Vuitton yenye michoro ya kahawia si wa ngozi. Michoro hiyo ni ya mwaka 1896, na tangu 1959 huchapwa kwenye turubai laini lililopakwa plastiki. Ngozi iko kwenye mipini, kingo na vipande vya kushikia tu. Anayeshika pochi halali gulioni akitarajia ngozi atasema ‘hii plastiki’ na kuirudisha kwenye lundo. Mkono wake haukudanganywa na pochi, ulidanganywa na matarajio.

Kwa mkazi wa Lushoto anayenunua Dar es Salaam kwa simu, msimamo huu pia unadai kisichowezekana, isipokuwa kama ana mtu wa kumshikia huko. Kushika baada ya kulipa si ukaguzi tena, ni mwanzo wa ugomvi.

Msimamo wa tatu: tazama bei na njia

Wafanyabiashara wazoefu wa mitumba huelekea kambi hii, na nadhani wana hekima ambayo wapenzi wa mishono wanaidharau. Nguo na pochi zinazotolewa Ulaya na Marekani hazifungwi kwenye belo moja kwa moja. Hupita kwenye vituo vya kuchambua, ambako vitu vyenye jina na thamani huondolewa kwanza ili viuzwe hukohuko. Speedy halisi iliyotumika huuzwa mamia ya dola huko. Kwa hiyo uwezekano kwamba imepita mikononi mwa wachambuzi wote hao bila kuonekana, ikasafiri ndani ya belo mpaka bandarini, ikapita mikononi mwa mfungua belo, kisha ikatua Soni, ni mdogo sana. Kwa Coach au Michael Kors hali ni tofauti. Pochi hizo ni nyingi Marekani, zilizochakaa kidogo hazina soko kubwa huko, na ni jambo la kawaida kuzikuta halali ndani ya mtumba.

Hii ina maana kwamba mishono ileile isomwe kwa uzito tofauti. Coach ya mtumba yenye dosari ndogo moja huenda ni Coach halali iliyochoka. Louis Vuitton ya mtumba isiyo na dosari inayoonekana bado inahitaji maelezo ya imefikaje hapo.

Udhaifu wa msimamo huu ni kwamba unahukumu kundi, hauhukumu pochi. Muuzaji mjanja anajua bei ndogo inatia shaka, hivyo anapandisha. Na muuzaji asiyejua majina anaweza kuwa na kitu halali kwa bei ya kutupa. Bei inakuambia uanze na shaka kiasi gani. Haikuambii umalizie wapi.

Speedy moja, picha tano

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini wa aina inayotokea. Muuzaji anatangaza Speedy ya kahawia ya sentimita 30, ‘imetumika kidogo, ya mwaka 2005’. Mteja wa Lushoto anaomba picha tano zipigwe mchana karibu na dirisha: mbele, nyuma, vipande vya mipini kwa karibu, ndani ikiwa wazi, na maandishi yaliyogongwa. Anaomba pia karatasi yenye tarehe ya leo iwekwe kando ya pochi katika kila picha. Karatasi hiyo haina gharama na inaondoa hatari ya picha ya kuazima kabla ya kukagua chochote.

Picha ya mbele na ya nyuma: herufi za nyuma ziko miguu juu. Hilo ni sawa. Michoro inaishia kwa namna moja kulia na kushoto. Hilo nalo ni sawa. Wengi wangeishia hapa wakalipa.

Vipande vya mipini: kwa kawaida sehemu ya juu ya kila kipande kwenye Speedy ina mishono mitano, kwa uzi wa rangi ya haradali. Hapa vipande viwili vina mitano, kimoja kina minne, na cha nne kimefichwa na kivuli. Mteja anaweka alama ya swali, kwa kuwa mpini unaweza kuwa ulifumuliwa na kushonwa upya na fundi wa viatu.

Ngozi ya mipini ndiyo inayoanza kuvunja simulizi. Ngozi hiyo haipakwi rangi wala kinga. Inapotoka dukani ni nyeupe inayokaribia maziwa, kisha jua na mafuta ya mikono huikolea polepole kuwa ya asali na hatimaye ya kahawia. Hukolea bila usawa: zaidi pale mkono unaposhika, kidogo pale panapofichwa. Tone la mvua huiachia doa. Pochi ya mwaka 2005 iliyotumika, hata kidogo, ingekuwa na historia hiyo. Hii ina rangi ya chungwa iliyolingana kila mahali, hata chini ya kishikio cha zipu ambako mwanga haufiki. Hiyo inaelekea kuwa rangi iliyopakwa kiwandani.

Ndani: bitana ni ya kitambaa cha kahawia. Sawa. Ndani ya mfuko mdogo kuna kipande cha ngozi chenye msimbo SP1095. Hapa inabidi kuhesabu. Katika pochi za tangu mwaka 1990 hadi 2006, herufi mbili zinataja kiwanda, na SP ni ya Ufaransa. Tarakimu ya kwanza na ya tatu ni mwezi, ya pili na ya nne ni mwaka. Kwa SP1095 mwaka unasomeka 05, unaokubaliana na maelezo ya muuzaji, lakini mwezi unasomeka 19. Hakuna mwezi wa kumi na tisa. Kuanzia 2007 kampuni ilibadili, tarakimu zile za mwezi zikawa za wiki, na wiki ya 19 ingewezekana, ila si kwa mwaka 2005. Msimbo huu hauwezi kuwa umegongwa na kampuni.

Uchunguzi unaishia hapo. Mshono mmoja pungufu ulikuwa na maelezo, rangi ya ngozi ilikuwa na maelezo dhaifu, msimbo hauna maelezo kabisa.

Sasa tubadili mambo mawili. Tuseme msimbo ulikuwa SP0045, yaani Aprili 2005, na mishono ilikuwa mitano kila mahali. Je, pochi ingekuwa halali? Hapana, ingekuwa tu haijakamatwa. Mwiga anaweza kunakili msimbo sahihi kutoka kwenye pochi moja halisi na kuugonga kwenye elfu moja za bandia. Ndiyo maana kauli ya ‘ina namba, tulia’ ni ya hatari: msimbo mbovu unahukumu, msimbo mzuri hautetei. Tangu mwaka 2021 kampuni hiyo imeacha kugonga misimbo na kuweka kidubwasha cha kielektroniki ndani ya pochi mpya, kisichoonekana kwenye picha yoyote. Hivyo pochi inayodaiwa kuwa ya mwaka jana na ina msimbo uliogongwa imejikana yenyewe. Kadi ya plastiki ya ‘uthibitisho wa uhalisi’ inayopigwa picha kando ya Louis Vuitton nayo ni mzigo kwa muuzaji, kwa sababu kampuni hiyo haitoi kadi ya namna hiyo.

Unyevu wa Usambara kama shahidi

Lushoto iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, na ukungu wa milima hii unaingia mpaka kabatini. Kwa pochi iliyotumika hapa miaka miwili mitatu, unyevu unafanya kazi ambayo mkaguzi anaweza kuisoma, ingawa usomaji wake una mitego yake.

Ngozi bandia nyingi ni kitambaa kilichopakwa polyurethani. Mvuke wa maji hukata taratibu minyororo ya kemikali ya mpako huo, na baada ya miaka kadhaa mpako unanata kisha unabanduka vipandevipande, ukiacha kitambaa chini yake. Ngozi ya mnyama haibanduki hivyo, huota kuvu, hukauka na kupasuka. Kwa hiyo picha ya mpini uliobanduka na kuonyesha nyuzi za kitambaa, kwenye pochi inayodaiwa kuwa ya ngozi tupu, ni ushahidi mzito. Lakini kubanduka ndani ya mfuko ni jambo lingine. Pochi za zamani za Louis Vuitton, hasa za miaka ya 1980 na 1990, zina mifuko ya ndani iliyopakwa mpako wa aina hiyohiyo, nayo inanata na kubanduka ikizeeka. Anayesema ‘inabanduka ndani, basi ni feki’ anazitupa pochi halali za mama zetu.

Kwenye vyuma nako kuna tofauti. Shaba ikipoteza mchovyo wake hufifia, inakuwa ya kahawia na penye jasho inaweka ukijani, na kitambaa chenye dawa huirudisha. Aloi ya zinki hutoa malengelenge chini ya mchovyo, yanapasuka na kuacha vishimo vyenye unga wa kijivu au mweupe. Malengelenge hayo kwenye bizimu yanaonekana vizuri kwenye picha. Yanahukumu, ila kwa modeli zinazojulikana kutumia shaba tu, kwa kuwa kampuni nyingi za bei ya kati hutumia zinki kihalali. Pochi halali ya Michael Kors yenye malengelenge ni pochi iliyokaa kwenye unyevu, basi.

Kupima misimamo mitatu

Tukiweka misimamo hii kwenye mizani, kila mmoja unajibu swali lake. Bei na njia vinajibu ‘nianze na shaka kiasi gani?’ Picha inajibu ‘kuna jambo lisilowezekana hapa?’ Mkono, tena mkono unaojua, unajibu ‘baada ya yote hayo, naweza kulipa bei ya jina?’ Mkanganyiko wa mitaani unatokana na kulazimisha jibu la swali moja liwe jibu la yote.

Kwenye picha yenyewe ni lazima kutenganisha kasoro inayowezekana na jambo lisilowezekana. Mshono ulioyumba, zipu iliyobadilishwa, mchovyo uliofifia, haya yanawezekana kwa pochi halali iliyoishi. Moja halitoshi, matatu yakikutana yanatosha kuacha. Mwezi wa kumi na tisa, bitana ya modeli nyingine, lebo ya nchi ambayo kampuni haishonei, haya hayawezekani, na moja tu linatosha. Anayehesabu kasoro zote kwa uzito mmoja ataikataa Coach nzuri kwa sababu ya uzi uliochomoza, na ataikubali Speedy ya mfano wetu kwa sababu ‘makosa ni machache tu’.

Wapo wanaosema haya yote hayana maana: pochi ikiwa imara na mteja ameambiwa wazi kuwa ni kopi, nani ameumia? Kwa upande wa uimara wana hoja, kwani kopi nyingine hudumu. Kisheria hoja hiyo haisimami. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC, inalenga alama ya uongo iliyo juu ya bidhaa. Muuzaji kumnong’oneza mteja kwamba ni kopi hakuifuti alama hiyo, na mzigo ukikamatwa hutaifishwa na kuteketezwa. Mfanyabiashara mdogo anayepandisha mafurushi ya pochi za bandia kutoka Mombo anabeba hatari hiyo peke yake, wakati aliyezileta kwa kontena yuko mbali.

Kwa mnunuzi, matokeo ya mizani hii yanaonekana kwenye bei. Picha tano zikipita bila kosa, pochi hiyo imestahili bei ya pochi nzuri iliyotumika, ile ambayo ungelipa hata kama isingekuwa na jina lolote juu yake. Kwa bei hiyo, ikija kugundulika baadaye kuwa ni bandia, umebaki na pochi uliyolipia. Muuzaji akidai zaidi, kile kinachozidi ni bei ya jina, na jina ndilo ambalo picha haiwezi kulithibitisha. Pesa hiyo ya ziada isitumwe kwa simu. Familia nyingi za Lushoto zina ndugu Dar es Salaam: aende dukani, akague bitana mchana, ahesabu vipande vinne vya mipini, asome msimbo kwa macho yake, na malipo yafanyike pochi ikiwa mkononi mwake.